Nimeacha kazi, nachora: kuandika kapsheni isiyodanganya

Picha yenyewe mnaijua. Kitambulisho cha kazi kimelazwa mezani na kamba yake imekunjwa vizuri, pembeni kuna brashi mbili tatu na kanvasi iliyochorwa nusu. Chini yake kuna maneno. Mwenye picha ameacha ajira ya kudumu, ile yenye mshahara wa mwezi, bima ya afya na makato ya NSSF, anakwenda kuishi kwa sanaa. Maneno hayo huja karibu yaleyale kila mara: amefuata moyo wake, ameiacha hofu nyuma, ndoto haina likizo. Ukibadilisha jina la aliyeandika hakuna atakayegundua.

Nimewasaidia wachoraji kadhaa kuandika maneno ya namna hiyo. Kinachonishangaza si kwamba ni mabaya, bali kwamba watu walewale, ukikaa nao kibarazani, husema mambo mazuri zaidi mara kumi. Watakwambia kodi inaisha lini. Watakwambia picha gani iliuzwa kwa nani, na ni ndugu gani amenuna. Wakishika simu kuandika, hayo yote yanapotea na zinabaki sauti za tarumbeta. Mtu anadhani hofu inamwaibisha, kwa hiyo anaifuta. Akishaifuta, tumaini nalo linabaki bila uzito, kwa sababu msomaji haoni linapambana na nini.

Makala hii ni juu ya maneno hayo machache ya chini ya picha: yaandikwe vipi ili yaseme kweli na bado yamsaidie aliyeyaandika kuuza kazi yake. Ili tusizunguke, nimemtunga mtu mmoja tumfuate mwanzo hadi mwisho. Ni mhasibu wa kampuni ya mizigo jijini Dar es Salaam, ana miaka 34, anaishi Tabata na mtoto mmoja, na anamlipia mdogo wake ada ya chuo. Kwa miaka saba ameshika vitabu vya hesabu mchana, na jioni na Jumamosi anachora kwa rangi za akriliki. Anachokichora ni kimoja: akina mama wanaouza na kukaanga samaki katika soko la Feri, pale Kivukoni. Sasa ameamua kuacha kazi mwisho wa Februari.

Kabla ya kuandika neno lolote nilimkalisha na hesabu zake, maana hofu ya kweli hukaa humo. Maisha yake ya mwezi, pamoja na kodi ya 250,000, chakula, nauli, shule ya mtoto na ada ya mdogo wake iliyogawanywa kwa miezi, ni shilingi 840,000. Akiba yake ni milioni 5. Picha ya sentimita 60 kwa 80 anaiuza 200,000, na kanvasi, rangi na fremu humla kama 60,000, hivyo hubakiwa na 140,000. Gawanya 840,000 kwa 140,000 upate sita. Ili sanaa imlishe anapaswa kuuza picha sita kila mwezi. Mwaka uliopita, mwaka mzima, aliuza tisa.

Hapo alinyamaza. Hiyo ndiyo hofu yake, na ina sura. Hofu ya “mabadiliko” au ya “kutojulikana kwa kesho” kila mtu anayo, haimhusu yeye peke yake. Yake ni kwamba sita kwa mwezi na tisa kwa mwaka ni vitu viwili vilivyo mbali sana. Ina hata tarehe: akiba inamfikisha mwisho wa Agosti, na mwenye nyumba wake, kama wenye nyumba wengi wa jiji lile, hupokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tarehe mosi Septemba atataka 1,500,000 mkononi.

Tumaini lake nalo tulilitafuta kwa njia ileile. Nilimkataza neno “naamini”. Nilimuuliza: una nini leo ambacho mwaka jana hukuwa nacho? Akasema hoteli moja ndogo imeagiza picha nne na imeshalipa nusu, yaani 400,000. Akasema pia kitu ambacho mimi nisingekifikiria. Boti za wavuvi huingia Feri alfajiri, na pale ndipo soko lina rangi zake zote, lakini kwa miaka saba alfajiri hiyo ameiona Jumamosi tu, kwa sababu siku nyingine alikuwa kwenye daladala akiwahi ofisini. Akiacha kazi ataiona kila siku. Hilo la pili halina fedha ndani yake leo, ila ni tumaini la mchoraji hasa. Mhasibu asingekuwa nalo.

Basi akaandika. Rasimu ya kwanza ilikuja hivi:

“Baada ya miaka saba, leo nimesema basi! Nimechoka kuishi ndoto za watu wengine. Hofu nimeiacha nyuma, sasa ni mimi na rangi zangu. Usikubali mshahara ukuzuie kuwa wewe. Safari ndiyo kwanza inaanza.”

Tuisome kama watakavyoisoma watu. Wa kwanza kuiona ni wenzake wa ofisini, ambao kesho asubuhi watakuwa bado wamekaa kwenye meza zilezile. Wameambiwa kwamba wanaishi ndoto za watu wengine. Katika zile picha tisa za mwaka jana, nne zilinunuliwa na wao, na moja imetundikwa kwenye sebule ya bosi. Amewatukana wateja wake wa mwanzo kwa sentensi moja, tena bila kukusudia. Wa pili ni kijana aliyemaliza chuo na kupata kazi yake ya kwanza baada ya kuhangaika sana, naye anaambiwa mshahara unamzuia kuwa yeye. Anayemwambia hajakaa hata siku moja bila mshahara. Wasia wa namna hiyo labda angeweza kuutoa baada ya miaka mitano, siyo siku ya kwanza.

Halafu kuna “hofu nimeiacha nyuma”. Si kweli, na yeye anajua si kweli. Hofu iko mbele, inamsubiri Septemba. Anayemjua atatabasamu tu. Asiyemjua hataona sababu ya kumfuatilia, maana hadithi ya mtu asiyeogopa imeshakwisha kabla ya kuanza. Jambo la mwisho ndilo baya kuliko yote kwa mtu anayetaka kuishi kwa kuuza picha: katika maneno yote yale hakuna mahali palipoandikwa kwamba anachora nini.

Nilipomwambia hayo alikwenda upande wa pili kabisa, kama watu wengi wafanyavyo. Rasimu ya pili:

“Sijui kama nitaweza. Usiku silali. Naogopa kodi, naogopa ada ya mdogo wangu, naogopa mama atasema nini. Nimeacha kazi na sina uhakika wowote. Mniombee. Mwenye chochote cha kunichangia rangi nitashukuru.”

Hii ni kweli tupu, na bado haifai. Sababu yake ni ya kibiashara na wachoraji wengi hawaijui mpaka iwapige. Oda ya picha huanza kwa malipo ya awali, mara nyingi nusu. Anayelipa nusu leo anaamini vitu viwili: kwamba fedha yake haitageuka unga na sukari kabla rangi hazijanunuliwa, na kwamba picha itafika. Akisoma kwamba mchoraji halali usiku kwa kodi, imani hiyo inatikisika. Wapo pia wateja wa aina nyingine, wanaonusa shida na kungoja. Leo picha ni 200,000, lakini wanajua mwisho wa mwezi itakuwa 120,000. Maneno ya kuomba huwaita watu wa aina hiyo, na huwafukuza wale wenye heshima na fedha yao.

Kwa hiyo swali si kama uiseme hofu au uifiche. Swali ni hofu ipi. Mimi naigawa hivi. Ipo hofu inayokuhusu wewe, yaani kwamba huenda mauzo hayatatosha na ukalazimika kurudi kwenye ajira. Hiyo iseme, tena kwa tarakimu, kwa sababu haimdhuru mteja na inamwonyesha kwamba una hesabu. Ipo pia hofu inayogusa mali ya mteja, yaani kwamba huenda hutaweza kumaliza oda. Kama unayo hiyo, kuiandika hakukusaidii. Kaa nayo, uitibu kwanza kwa kupunguza oda au kurefusha muda wa kazi, ndipo utangaze. Kuhusu usiku usiolala, mweleze rafiki.

Jambo la mama ni la peke yake. Kwetu mtu mwenye mshahara hana mshahara wa peke yake. Kuna mdogo anayesomeshwa, kuna dawa za baba, kuna michango ya harusi na misiba, na kikoba cha kila wiki. Ukiacha kazi unabadilisha bajeti ya nyumba tatu au nne, na wenye nyumba hizo wana haki ya kusikia kwa mdomo wako kabla hawajaonyeshwa simu na jirani. Mhasibu wetu alikwenda kwa mama yake Jumapili, akamweleza kwamba ada ya muhula huu imeshatengwa na ya muhula ujao haijapatikana. Mama hakufurahi. Alimuuliza, “Sasa mwanangu, ukiugua utatibiwa na nini?” Ni swali zuri kuliko yote aliyoulizwa, maana bima ya kazini huisha na kazi. Mama hakuridhika siku ile na makala hii haitamridhisha. Lakini kwa kuwa alikuwa ameshajua, sentensi ya “naogopa mama atasema nini” ikajifuta yenyewe. Ilikuwa inakaa pale kwa sababu tu mazungumzo yalikuwa hayajafanyika.

Na ofisi vilevile. Barua hutangulia kapsheni. Kwa sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi hutakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, na akikataa kufanya kazi siku hizo mwajiri anaweza kukata malipo yake kwa kiasi hichohicho. Kwa mtu anayehesabu picha sita kwa mwezi, kupoteza mshahara wa mwezi mzima kwa ajili ya kutangaza mapema ni ghali mno. Asitegemee pia fao la kukosa ajira: limewekwa kwa ajili ya aliyepoteza kazi bila hiari yake, na aliyeandika barua mwenyewe hahesabiwi humo. Yeye aliandika barua mwisho wa Januari, akafanya kazi notisi yote, akakabidhi vitabu, akachukua cheti chake cha utumishi. Maneno ya chini ya picha yaliwekwa Machi, akiwa hana deni la kiofisi na mtu.

Nilimwomba pia atoe wazo moja ambalo lilikuwa limejificha nyuma ya rasimu zote mbili, kwamba msanii wa kweli lazima aache kazi. Historia haisemi hivyo. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kuanzia 1926 kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza katika idara ya forodha huko Pangani, na sehemu kubwa ya tungo tunazozisoma leo aliziandika akiwa na ajira hiyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru, alipita kwenye mashamba ya mkonge na vibarua vya mjini, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kung’aa juu ya mbao laini za dari, na aliwahi kuajiriwa Muhimbili huku akiendelea kuchora, mkewe akimsaidia kuziuza picha. Hakuishi sana, alifariki 1972, lakini uchoraji wenye jina lake unalisha watu mpaka leo pale Oysterbay.

Aliyeacha ajira na kutajwa kila mara kama shujaa wa jambo hili ni Mfaransa Paul Gauguin, na ni vizuri tumtaje kwa ukamilifu. Alikuwa dalali wa hisa Paris, mwenye mke na watoto watano. Soko la hisa lilianguka 1882, na mwaka uliofuata akawa mchoraji tu. Kwa hiyo hakuruka kutoka mahali imara, kwani sakafu ilikuwa imeshatikisika. Fedha zilikwisha haraka. Familia ikahamia kwao mke, Copenhagen, ambako alijaribu kuuza maturubai na akashindwa. Aliporudi Paris mwaka 1885 alifika hatua ya kubandika matangazo ukutani ili ale. Picha zake leo ni za mamilioni ya dola, lakini fedha hizo hazikumfikia yeye wala mkewe aliyelea watoto. Ukimtaja Gauguin kwenye kapsheni yako, umewatisha wanaoijua habari yake na umewadanganya wasioijua.

Ndipo tukafika kwenye umbo lenyewe. Instagram hukuruhusu kuandika hadi herufi 2,200 ukihesabu na nafasi, na hiyo ni nyingi. Kinachobana ni kwamba mtu anayepita huona mwanzo tu, kama herufi 125 hivi, na yaliyobaki hufichwa mpaka aguse. Sentensi ya kwanza ikiwa “Leo nina habari ya kuwashirikisha ambayo nimekuwa nikiifikiria kwa muda mrefu”, umetumia nafasi yote bila kusema kitu. Mwanzo uwe na mambo mawili: unachochora, na kwamba sasa ndiyo kazi yako. Kuacha ajira kuje baada ya hapo, kwa maneno machache, bila mshangao.

Na picha? Kitambulisho cha kazi kikae kwenye droo. Kina jina la kampuni, pengine na namba ya mfanyakazi, na kinamwambia mtazamaji kwamba habari kubwa hapa ni ofisi uliyoiacha. Weka picha uliyoichora, nzima, iliyopigwa mchana kivulini bila taa ya simu, ukiwa umesimama pembeni yake ili ukubwa wake uonekane. Mtu anayetaka kutundika kitu sebuleni anataka kujua kitajaza ukuta kiasi gani.

Rasimu ya mwisho ilichukua jioni mbili. Naiweka yote:

“Kuanzia Machi hii kazi yangu ni moja: kuwachora akina mama wanaouza samaki Feri. Ajira ya uhasibu nimeiacha.

Nimekuwa mhasibu kwa miaka saba. Mshahara ule ndio ulioninunulia rangi na muda wa kujifunza, na wenzangu wa ofisini ndio walionunua picha zangu za kwanza. Nawashukuru.

Naogopa. Mwaka jana niliuza picha 9 kwa mwaka mzima. Ili nile kwa kuchora nahitaji kuuza kama 6 kila mwezi. Nimejiandaa mpaka mwisho wa Agosti. Septemba ikifika hesabu haijakaa sawa, nitatafuta uhasibu wa nusu siku na nitachora jioni, kama nilivyokuwa nikifanya.

Tumaini ninalo pia. Picha 4 zimeshaagizwa. Na sasa naweza kufika Feri alfajiri kila siku, boti zinapoingia, saa ambayo miaka yote hii nimeiona Jumamosi tu. Picha zitakazotoka humo sijawahi kuzichora.

Sentimita 60 kwa 80 ni shilingi 200,000 pamoja na fremu. Oda huanza kwa nusu ya bei na hukamilika ndani ya wiki tatu. Ukitaka kuja kuziona, niandikie.”

Sentensi mbili za kwanza hazifiki herufi 110, hivyo zinaonekana zote kabla ya kugusa. Neno “naogopa” limesimama peke yake na halikupambwa. Tarakimu zinazolifuata ndizo zinazolipa maana, na ni tarakimu ambazo mtu yeyote anaweza kuzihakiki kichwani. Angalia pia kilichoachwa. Kiasi cha akiba hakimo, ila mwisho wake umo. Tulibishana juu ya hili. Yeye aliona kutaja milioni 5 ndio uwazi kamili. Mimi nikasema ukiandika milioni 5 hadharani, kufikia Ijumaa zitakuwa milioni 3, kwa sababu kuna binamu ambaye gari lake limeharibika. Tarehe inatosha. Jina la hoteli halimo, kwa kuwa hakuomba ruhusa ya kulitaja. Ada ya mdogo wake haimo, maana hiyo ni siri ya mdogo wake.

Sehemu ninayoithamini zaidi ni ile ya uhasibu wa nusu siku. Alisita kuiweka. Alidhani watu watasema hajaamua, kwamba ana mguu ndani na mguu nje. Nilimwambia kapsheni ya rasimu ya kwanza ilikuwa imemfungia mlango wa kurudi: mtu aliyetangaza kwamba ajira ni ndoto za watu wengine, Septemba ataona aibu kuomba kazi, na aibu hiyo itamfanya auze picha kwa bei ya kutupa badala ya kuandika barua moja ya maombi. Nimewaona wachoraji wawili wakiingia hapo. Waliuza kwa hasara miezi mingi, picha zikazidi kuwa za haraka haraka, na walipokuja kutafuta kibarua walikuwa hawana fedha wala hamu ya kuchora. Ukishaitaja njia ya kurudi tangu mwanzo, siku ukiitumia hakuna atakayeona umeanguka. Utakuwa umefanya ulichosema utafanya.

Kuna ukomo wa mambo haya na sitaki nimpambe. Kapsheni nzuri haiuzi picha sita kwa mwezi. Yake ilileta maswali mengi wiki ya kwanza, oda mbili, na mtu mmoja aliyetaka achorewe mbwa wake. Machi hadi Mei ni masika, watalii ni wachache na hoteli nyingine za pwani hufunga. Wageni hurudi kuanzia Juni na kuendelea mpaka Oktoba. Kwa hiyo miezi mitatu ya mwanzo alipaswa kuihesabu kama miezi ya kuchora na kurundika kazi ukutani, na kuitazama mauzo yake kwa jicho la upole. Akipeleka picha kwenye duka la sanaa, duka huchukua sehemu yake, mara nyingi theluthi moja hadi nusu ya bei, na hapo ile 140,000 inayobaki inayeyuka: picha ya 200,000 ikikatwa theluthi na gharama za 60,000, anabakiwa na kama 73,000. Atahitaji kuuza karibu kumi na mbili. Maneno ya chini ya picha yanamwezesha kumfikia mnunuzi bila mtu wa kati, na hapo ndipo faida yake ilipo, wala si katika kushangiliwa.

Kushangiliwa kutakuja, na kuna mtego wake. “Hongera sana, unanitia moyo” mia mbili siku ya kwanza zinaweza kumfanya mtu adhani ana wateja mia mbili. Njia rahisi ya kujua hali ni kuandika kwenye daftari vitu viwili tu kila Jumapili: wangapi wameuliza bei, na wangapi wamelipa nusu. Kama waulizaji ni wengi na walipaji hawapo, tatizo liko kwenye bei au kwenye namna anavyojibu. Kama hata waulizaji hawapo, watu hawajaelewa kinachouzwa, na maneno yaandikwe upya. Mhasibu wetu kwa daftari hana shida.

Aliyeandika hofu yake kwa tarehe anajifunga kwa jambo moja zaidi, nalo ni kurudi kusema. Ameshasema Agosti, watu watakumbuka Agosti. Mwisho wa Mei na mwisho wa Agosti aandike tena, kwa ufupi uleule: zimeuzwa ngapi, nini kimebadilika, anafanya nini sasa. Ikiwa zimeuzwa tatu kwa mwezi badala ya sita, aandike tatu. Tatu ni nusu ya maisha yake, na kazi ya nusu siku italipa nusu nyingine. Akinyamaza, msomaji atajaza mwenyewe, na kwa kawaida hujaza kushindwa hata pale ambapo hakuna.

Kama unakaribia kuandika ya kwako, anza na hesabu, kisha nyumbani, kisha barua ya ofisi, na simu iwe ya mwisho. Na wewe uliyeiona ya mwenzako leo na ukafurahi naye, baada ya kumwandikia hongera muulize bei, ulipe yote aliyotaja, na usimwombe bei ya undugu.